Mac ikisema programu imeharibika: jinsi ya kujua kama ni ya kutupa au ya kufungua

Umepakua programu kwa bando lako, umeibonyeza mara mbili, na badala ya kufunguka linakuja dirisha dogo: `is damaged and can't be opened. You should move it to the Trash.` Wapo wanaoitupa na kuipakua upya, mara ya pili, mara ya tatu, hadi bando linaisha na ujumbe ni ule ule. Wapo pia wanaokuta amri fulani mtandaoni, wanaibandika bila kuisoma, na programu inafunguka. Wa kwanza wamepoteza bando tu. Wa pili wanaweza kupoteza maneno yote ya siri yaliyo kwenye laptopu hiyo.

Kuna hatua chache za kupitia kabla ya kuamua, na nyingi hazihitaji hata intaneti. Nazieleza kwa kisa cha binti anayesoma jiografia Maseno, aliyeniletea laptopu yake hapa Kisumu. Alikuwa amepakua programu ndogo ya kubadilisha faili za GPS, ili achore njia za mitumbwi inayotoka Dunga kwenda kuvua. Laptopu ni MacBook Air ya M1, ya mitumba, na programu ni ya bure, imewekwa kwenye tovuti ya GitHub na mtu anayeitengeneza kwa muda wake wa ziada. "Mwalimu, nimeipakua mara tatu na bado inaniambia imeharibika," akasema. "Niitupe?"

Soma ujumbe wenyewe neno kwa neno

Mac ina maonyo kadhaa yanayofanana kwa sura lakini yanasema mambo tofauti kabisa, kwa hiyo usilifunge dirisha kabla hujalisoma.

Ukiona `Apple could not verify` na kisha jina la programu na maneno `is free of malware`, maana yake ni kwamba Apple haijaikagua programu hiyo. Haijasema ni mbaya, na haijasema ni nzuri.

Ukiona `is damaged and can't be opened`, maana yake ni kwamba sahihi ya kidijitali ya programu haikubaliani na yaliyomo ndani. Huu ndio ujumbe unaowachanganya watu zaidi, na ndio aliokuja nao yule binti.

Ukiona `may be damaged or incomplete`, mara nyingi kuna kitu kimepungua kweli. Huku kwetu hutokea sana pale mtu anapopakua programu ya Mac kwenye saiba yenye kompyuta za Windows, akaifungua zipu hukohuko, kisha akanakili folda kwenye flashi. Programu ya Mac ni folda yenye viungo na ruhusa za ndani ambazo Windows haizihifadhi. Dawa yake ni kubeba zipu au faili ya `.dmg` ikiwa nzima, bila kuifungua, na kuifungulia kwenye Mac.

Ukiona `will damage your computer`, simama hapo. Ujumbe huo hutoka pale Apple inapoitambua programu kuwa hasidi, au inapokuwa imefuta cheti cha aliyeitengeneza. Itupe, wala usitafute njia ya kuzunguka. Hakuna hatua yoyote hapa chini inayoihusu.

Kwa nini faili nzima iitwe imeharibika

Safari, Chrome au Firefox ikipakua faili, huibandika alama ya siri inayoitwa `com.apple.quarantine`. Ni karantini kweli: inaiambia Mac kwamba kitu hiki kimetoka nje, kikaguliwe kabla ya kufunguliwa mara ya kwanza. Mkaguzi anaitwa Gatekeeper, na amekuwepo tangu 2012.

Gatekeeper hutazama mambo mawili. La kwanza ni sahihi ya msanidi, inayofanya kazi kama lakiri kwenye bahasha ya mtihani: inaonyesha nani aliifunga, na inaonyesha kama kuna aliyeifungua njiani. La pili ni kama msanidi aliituma programu kwa Apple ikachunguzwe na mashine zao kabla ya kuisambaza. Hatua hii ya pili ilianza kudaiwa na macOS Catalina ya 2019.

Ili kupata cheti cha kutia sahihi hiyo, msanidi hulipa Apple dola 99 kila mwaka, karibu shilingi 13,000. Kampuni halihisi. Mwanafunzi au mtafiti anayegawa programu yake bure mara nyingi halipi, na sioni sababu ya kumlaumu.

Sasa ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Mac zenye chipu za Apple, kuanzia M1 ya 2020, hazikubali kuendesha programu iliyoundwa kwa ajili ya chipu hizo kama haina sahihi yoyote kabisa. Kwa hiyo zana za kuundia programu hujitilia sahihi ya muda, isiyo na jina la mtu. Sahihi hiyo huwekwa kwenye faili kuu ya programu tu, wala haifungi picha, ikoni na mafaili mengine ya ndani ya folda. Gatekeeper akiikagua anaona sahihi isiyokamilika, na neno alilonalo kwa hali hiyo ni `damaged`. Hakuna kilichoharibika. Ila neno ni lile lile ambalo Gatekeeper hulitumia pale mtu anapoichezea programu njiani na kuitia virusi. Kutofautisha hali hizo mbili ndiyo kazi yetu.

Hatua ya 1: Faili ilitoka wapi

Bonyeza ile zipu au `.dmg` mara moja, kisha `Command` na `I`. Kwenye dirisha litakalofunguka, chini ya `More Info`, kuna `Where from`. Hapo utaona anwani halisi ambayo faili ilitoka, hata kama umesahau ulibonyeza wapi.

Safari ina tabia ya kuifungua zipu yenyewe na kuipeleka zipu asili kwenye `Trash`. Ikiwa huioni kwenye `Downloads`, ifuate huko, bonyeza kitufe cha kulia, chagua `Put Back`. Utaihitaji katika hatua inayofuata.

Anwani inapaswa kuwa ya mradi wenyewe: tovuti yao, au ukurasa wao wa GitHub. Ikiwa ni tovuti ya kukusanya programu za kila aina, au kiungo cha tangazo lililokuwa juu ya matokeo ya utafutaji, ifute, nenda kwenye ukurasa wa mradi, na uanze huko. Ikiwa programu ni ya kulipiwa na wewe umeipata bure, basi kuna mtu aliyeivunja sahihi ili kuondoa ulinzi wa malipo. Hapo ujumbe wa `damaged` unasema ukweli mtupu, na huwezi kujua ni nini kingine alichoongeza. Sijali nani amekuhakikishia; usiifungue.

Ya binti wetu ilitoka GitHub, kwenye ukurasa ule ule wenye msimbo wa programu. Juu ya ukurasa msanidi alikuwa ameandika wazi kwamba hajatia sahihi ya Apple na kwamba watumiaji wa Mac wataona onyo. Maneno hayo peke yake hayathibitishi kitu, maana hata mwizi anaweza kuyaandika. Lakini mradi wenye miaka ya historia, maswali ya watumiaji na majibu yake ni tofauti na ukurasa uliofunguliwa wiki iliyopita.

Hatua ya 2: Je, ni faili ile ile waliyoitoa?

Miradi makini huchapisha namba ndefu inayoitwa SHA-256 kwa kila faili. GitHub nayo, tangu katikati ya 2025, huionyesha yenyewe kando ya mafaili yanayopakiwa kwenye matoleo mapya. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, namba yote inabadilika.

Fungua Terminal, programu ya Mac ya kuandikia amri, andika `shasum -a 256`, acha nafasi moja, kisha buruta zipu kutoka `Downloads` uidondoshe ndani ya dirisha ili anwani yake ijiandike kama hivi, halafu bonyeza Enter:

```
shasum -a 256 ~/Downloads/programu.zip
```

Linganisha jibu na namba iliyo kwenye ukurasa, yote, wala si herufi nne za mwanzo. Zikitofautiana, faili haikukamilika au imebadilishwa. Ifute, pakua mara moja tu, na ikitofautiana tena achana nayo.

Hatua hii si mchezo. Mei 2017, mojawapo ya seva mbili za kupakulia HandBrake, programu maarufu ya kubadilisha video, ilivamiwa, na toleo la Mac likabadilishwa na lenye virusi vya kuiba maneno ya siri. Seva ya pili haikuguswa. Aliyelinganisha namba na zile zilizochapishwa na mradi aligundua. Asiyelinganisha aliifungua na kuandika neno lake la siri lilipoombwa.

Ina mpaka wake pia. Mvamizi akishika ukurasa wenyewe unaochapisha namba, atabadilisha faili na namba kwa pamoja. Ndiyo maana kuna hatua ya tatu.

Hatua ya 3: Sahihi inasema nini

Usiifungue programu. Iulize tu:

```
codesign --verify --deep --strict --verbose=2 ~/Downloads/Programu.app
codesign -dvv ~/Downloads/Programu.app
```

Hapa pia unaweza kuburuta programu ndani ya Terminal badala ya kuandika anwani. Mac ikikuomba kusakinisha zana za wasanidi, kataa kwanza uangalie umeandika sawasawa, maana `codesign` huja na Mac yenyewe. Amri ya kwanza inakagua kama sahihi inakubaliana na yaliyomo. Ya pili inakuambia sahihi ni ya nani.

Laptopu ya yule binti ilijibu hivi kwenye amri ya kwanza:

```
code has no resources but signature indicates they must be present
```

Na kwenye ya pili, kati ya mistari mingine, kulikuwa na hii:

```
Signature=adhoc
TeamIdentifier=not set
```

Hii ndiyo ile hali niliyoieleza: sahihi ya muda isiyo na jina, iliyowekwa na zana za kuundia programu, na mafaili ya ndani hayakufungwa kamwe. Hakuna sahihi iliyovunjwa kwa sababu haikuwahi kuwepo sahihi kamili. Ukiona maneno haya na hatua mbili za mwanzo zimepita, neno `damaged` umeshalijua chanzo chake. Jibu `code object is not signed at all` lina uzito ule ule: haina sahihi, basi.

Jibu la kuogopa ni hili:

```
a sealed resource is missing or invalid
file modified: ...
```

Likija pamoja na mstari wa `Authority=Developer ID Application` wenye jina la msanidi, maana yake programu ilitiwa sahihi kamili, kisha mtu au kitu kikabadilisha faili fulani ndani yake. Huenda ni ufunguaji mbaya wa zipu. Huenda ni mtu ameingiza kitu. Wewe huna njia ya kujua, kwa hiyo ifute, pakua tena kutoka chanzo, na jibu likibaki lile lile mwandikie msanidi. Usiondoe karantini kwa programu ya namna hii hata kama namba ya SHA-256 inalingana.

Na ukikuta `valid on disk`, soma jina kwenye `Authority`. Je, ndiye unayemtarajia? Machi 2016 kisakinishi cha Transmission kilibadilishwa kwenye tovuti ya mradi wenyewe na kutiwa programu iitwayo KeRanger, iliyosubiri siku tatu kisha ikayafunga mafaili ya mtu na kudai fidia. Kisakinishi hicho kilikuwa na sahihi halali, Gatekeeper akakipitisha bila onyo lolote la aina hizi. Ila cheti kilikuwa cha mwingine, si cha watengenezaji wa Transmission. Kukosekana kwa onyo hakumaanishi usalama, sawa na vile kuwepo kwake hakumaanishi hatari.

Hatua ya 4: Amua

Mimi nairuhusu programu iwapo imetoka kwa mradi wenyewe, namba zimelingana, sahihi haipo au ni ya muda tu, na kazi yake ni ndogo na inaeleweka. Kubadilisha faili za GPS ni kazi ya namna hiyo. Haihitaji neno la siri la kompyuta, haihitaji kuona skrini yako, haihitaji kusoma unachoandika.

Sishauri kuiruhusu iwapo programu inagusa pesa, barua pepe au maneno ya siri, hata kama hatua zote zimepita. Programu ya pochi ya sarafu za mtandaoni isiyo na sahihi, kwa mfano, siwezi kumfungulia mtu. Anayetengeneza kitu cha kushika pesa za watu na alipe zile dola 99.

Kuna dalili moja ninayoiona nzito kuliko zote: dirisha la kisakinishi lenyewe likikuelekeza ubonyeze kitufe cha kulia ili kukwepa onyo, au uburute faili ndani ya Terminal na kubonyeza Enter. Virusi vya Mac vya kuiba maneno ya siri vya miaka hii, kama Atomic Stealer kilichojulikana 2023, huingia kwa mlango huo huo. Mradi halali huandika maelezo ya onyo kwenye ukurasa wake. Hauchori mishale ya kukuharakisha.

Hatua ya 5: Ifungue kwa mlango ulio mwembamba

Ikiwa ujumbe wako ni ule wa `Apple could not verify`, jaribu kuifungua mara moja, bonyeza `Done`, kisha nenda `System Settings`, halafu `Privacy & Security`, ushuke hadi karibu na mwisho. Utaona jina la programu na kitufe cha `Open Anyway`. Kitufe hicho hukaa kwa muda wa kama saa moja baada ya jaribio lako, kwa hiyo usipokiona jaribu tena kuifungua. Zamani ilitosha kushika `Control` na kubonyeza, lakini njia hiyo iliondolewa katika macOS Sequoia ya 2024. Mwongozo wa zamani utakuambia hivyo na hautafanya kazi.

Ikiwa ujumbe ni wa `damaged`, kwa kawaida kitufe hicho hakiji. Hapo ndipo unaiondoa karantini, kwa programu hiyo moja tu:

```
xattr -dr com.apple.quarantine ~/Downloads/Programu.app
```

Amri hii haitaki `sudo`, neno la kuipa amri mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kwa faili iliyo kwenye folda yako mwenyewe. Maelezo yoyote yanayokutaka uweke `sudo` mbele yake kwa faili kama hiyo, yaache. Vivyo hivyo amri ya `spctl --master-disable`, inayosambazwa sana. Hiyo haifungui programu moja. Kazi yake ni kumtoa mlinzi mlangoni kwa programu zote zitakazokuja baadaye.

Wauzaji wengine wa laptopu za mitumba huwa wameshalizima jambo hili ili waweke programu walizozivunja. Kama Mac yako uliinunua kwa mtu, hakikisha:

```
spctl --status
```

Jibu linapaswa kuwa `assessments enabled`. Likiwa `disabled`, ingia `Privacy & Security`, na palipoandikwa `Anywhere` chagua lile linalotaja App Store pamoja na wasanidi wanaojulikana. Ya binti wetu ilikuwa `enabled`. Kama isingekuwa hivyo, huenda asingeuona ujumbe ule wa `damaged`, na ningekuwa na wasiwasi zaidi juu ya vilivyomo tayari kuliko juu ya programu yake ya GPS.

Baada ya kufunguka

Mara ya kwanza iendeshe ukiwa umeitazama. Programu ya kubadilisha faili ikiomba neno la siri la kompyuta, au ikiomba `Accessibility`, `Screen Recording` au `Full Disk Access`, kataa na uifunge. Ikiomba ruhusa ya kusoma folda ya `Documents` wakati unafungua faili iliyomo humo, hilo ni la kawaida.

XProtect, kinga ya ndani ya Mac, huendelea kuikagua programu dhidi ya virusi vinavyojulikana hata baada ya kuondoa karantini. Haivijui vipya, lakini haijazimwa.

Kwa walio na Windows, onyo la `Windows protected your PC` lina mantiki nyingine kidogo: SmartScreen, mkaguzi wa Windows, hutazama sana kama faili hiyo au msanidi wake ana sifa iliyojengeka, kwa hiyo toleo jipya la programu ndogo linaweza kuonywa kwa sababu tu halijapakuliwa na wengi. Hatua ya kwanza na ya pili ni zile zile, namba ukiipata kwenye PowerShell kwa amri ya `Get-FileHash`, na ukiridhika bonyeza `More info` kisha `Run anyway`.

Yule binti alipata ramani yake. Nilimwandikia amri mbili kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, ile ya `shasum` na ile ya `codesign`. Ya `xattr` sikuiandika juu yao bali chini, baada ya mstari, kwa sababu toleo jipya la programu hiyo likitoka litakuja na karantini yake upya, na faili mpya inadai ukaguzi mpya kuanzia hatua ya kwanza.